Ugali wa Usiku Uhamie Mchana

Mtu ambaye sukari yake kabla ya kifungua kinywa ni milimoli 6.3 kwa lita hajafikia kisukari, lakini insulini yake imeanza kuelemewa, na usiku huelemewa zaidi. Ndiyo maana sahani kubwa ya ugali saa tatu usiku humpandisha sukari kuliko sahani ileile mchana. Anayeanza mazoezi ahamishie nusu ya ugali huo mchana. Usiku abaki na kipande kama ngumi, maharage na mchicha. Kisha atembee dakika 15 baada ya kula, kwani misuli ikifanya kazi huchota sukari damuni hata insulini ikiwa dhaifu. Soda ya kurudisha nguvu haihitajiki kwa matembezi hayo. Anayetumia dawa za kushusha sukari amwone daktari kwanza.