Wembe au mashine: ndevu za mtumishi anayepokea wageni

Katika hoteli za mwambao wa Kenya, kuanzia Diani hadi Malindi, mtumishi anayesimama mapokezi huangaliwa uso kabla hajafungua kinywa. Kwa sababu hiyo waajiri wengi wa hoteli, benki na maduka makubwa hupenda kuona kidevu kilichonyolewa kikabaki laini kabisa. Amri hiyo ni nyepesi kuiandika kwenye kijitabu cha kanuni za kazi. Kwa wanaume wenye nywele za kipilipili, hata hivyo, kuitimiza kila asubuhi kunaweza kuleta uso ulio mbaya kuliko ule ambao amri ilitaka kuuepuka: vipele, madoa meusi, na matone ya damu kwenye kola ya shati jeupe.

Ndiyo maana swali la kunyoa ndevu zote au kubakiza ndevu fupi sana halipaswi kuamuliwa na mitindo wala na picha ya mcheza sinema. Jibu lake limo katika ngozi yenyewe, na mwenye ngozi anaweza kulisoma kwa siku chache tu.

Unywele unaorudi ulikotoka

Unywele ulionyooka ukikatwa hutoka tena na kwenda mbele moja kwa moja. Unywele wa kipilipili hutoka katika tundu lililopinda, na wenyewe umejikunja. Wembe ukiupitia unaachwa na ncha kali iliyokatwa mshazari. Siku moja au mbili baadaye ncha hiyo, ikiendelea kujikunja, huinama, huigusa ngozi na kuitoboa karibu na mahali ilipotokea. Mwili huiona kama mwiba, nayo ngozi huvimba na kuuma, mara nyingine ikatunga usaha. Hicho ndicho kipele cha kunyoa. Wengi hukidhania kuwa chunusi au dalili ya uchafu, ilhali hakina asili katika uchafu hata kidogo.

Ipo njia ya pili ya kuumia, na hii huwapata hasa wanaotumia nyembe zenye makali matatu au manne. Nyembe hizo hutangazwa kwa sifa ya kunyoa karibu zaidi, na sifa hiyo ni ya kweli. Kali la kwanza huuvuta unywele, la pili hulikata shina lake, na kinachobaki huzama chini ya uso wa ngozi. Unywele ukianza kukua tena hautokei kwenye tundu lake, bali hutoboa ukuta wa tundu ungali ndani. Mtu anayeivuta ngozi kwa vidole ili wembe upite vizuri huongeza madhara hayo hayo. Kwa ufupi, kadiri uso unavyokuwa laini saa mbili asubuhi, ndivyo unavyoweza kuwa na vipele zaidi keshokutwa.

Mahali panapoteseka kuliko pote ni chini ya taya na shingoni. Huko nywele hazina mwelekeo mmoja, na huko ndiko kola na tai husugua mchana kutwa. Joto na jasho la Mombasa huongeza mwasho.

Mfano wa kijana wa mapokezi

Chukulia kijana wa miaka 26 aliyeajiriwa mapokezi katika hoteli ya Mombasa kwa majaribio ya miezi mitatu. Kanuni zinasema anyoe kila siku. Ananunua wembe wa makali matatu, anajipaka povu, anashusha mara moja, kisha anapandisha kinyume cha mlalo wa nywele ili asibakize kitu. Wiki ya kwanza anapendeza. Wiki ya pili vipele vinatokeza chini ya taya. Wiki ya tatu msimamizi wake anamwita kando na kumwambia ajitunze. Kijana anaelewa kwamba amwambiwa anyoe vizuri zaidi, basi anaugandamiza wembe. Wembe unavikata vichwa vya vipele, na sasa anavuja damu mbele ya wageni. Kila anapojitahidi kutii anazidi kuonekana mzembe, na kazi yenyewe iko hatarini.

Jambo la kwanza linalomfaa ni kuuweka wembe kando kwa muda wa mwezi mmoja hivi. Mashine ya kinyozi inaruhusiwa katika kipindi hicho, mradi ibakize angalau milimita moja na isigandamizwe. Nywele zilizokwisha kuingia ndani nyingi hujing'oa zenyewe zinaporefuka, kwa kuwa mkunjo wake hufanya kazi kama springi inayovuta ncha nje. Ule unaoonekana umefanya kitanzi juu ya ngozi unaweza kuinuliwa taratibu kwa sindano safi iliyopakwa spiriti, baada ya kuulainisha kwa kitambaa cha maji ya moto kiasi. Kuung'oa kabisa ni kosa, kwa sababu ule utakaofuata utaota ndani vilevile.

Barua ya daktari humsaidia sana katika mwezi huo. Msimamizi anayeona ndevu bila maelezo huona ukaidi, lakini akiona barua inayotaja ugonjwa wa ngozi na muda wa tiba huona jambo lenye mwisho.

Kusoma ramani ya uso

Ndevu zikifika siku nne, kijana huyo asimame mbele ya kioo kwenye mwanga wa dirisha na kupitisha ncha za vidole usoni, sehemu kwa sehemu. Upande ambao vidole vinateleza ndio mlalo wa nywele, na upande unaokwaruza ni kinyume chake. Anagundua kwamba mashavuni nywele zinashuka, kidevuni zinashuka pia, lakini shingoni upande wa kulia zinapanda kuelekea sikio, na chini ya kikoromeo zimefanya kizingo kama cha utosini. Kumbe alipokuwa akishusha wembe shingoni, akiamini anafuata mlalo, alikuwa akienda kinyume chake.

Kisha aangalie wingi. Mdomo wa juu na kidevu vimejaa. Mashavuni kuna nywele chache zilizotawanyika, na upande mmoja pana pengo la ukubwa wa sarafu. Hapa ndipo ushauri wa jumla unaposhindwa. Ndevu fupi hupendeza pale zinapokuwa na wingi ulio sawa, kwa sababu hapo mgeni huona mtindo uliokusudiwa. Zikiwa na mapengo, urefu huo huo humfanya mtu aonekane kama aliyeamka akakosa muda wa kunyoa.

Kwa bahati njema, mashavu yenye nywele chache ndiyo mara nyingi hayana vipele. Kijana huyu basi hana haja ya kuchagua jambo moja kwa uso mzima. Mashavuni atumie wembe wa kali moja, kwa kufuata mlalo, bila kuivuta ngozi, baada ya kuoga wakati nywele zimelainika. Apitishe mara moja tu na aoshe wembe kila baada ya mpito mmoja au miwili. Mdomo wa juu, kidevu na ukingo wa taya apitishe mashine na kubakiza ndevu fupi. Shingoni, penye kizingo, asiguse kwa wembe kamwe. Atumie mashine isiyo na kitana, aishike kwa wepesi, na akubali kubaki na kivuli cha nywele kisichoonekana na mgeni aliye ng'ambo ya meza.

Urefu unastahili kuelezwa kwa tarakimu, maana maneno kama "fupi kiasi" huleta ugomvi kati ya mtumishi na msimamizi. Kwa mashine nyingi za vinyozi, kitana namba 1 hubakiza milimita 3 hivi, na nusu namba hubakiza milimita 1.5. Ndevu hukua takriban theluthi moja ya milimita kwa siku. Aliyebakiza milimita 1.5 Jumatatu asubuhi atakuwa amekaribia 3 Ijumaa, na kwa watu wengi hapo ndipo unadhifu unapoanza kupotea. Hivyo mashine ipite kila siku ya pili au ya tatu. Mstari wa chini uwekwe upana wa vidole viwili juu ya kikoromeo. Mstari huo, kuliko urefu wenyewe, ndio unaomwonyesha mgeni kwamba ndevu zinatunzwa.

Mwenye mashine yake nyumbani ana nafuu kuliko anayekwenda kwa kinyozi. Mashine isiyofutwa kwa spiriti baada ya kila mteja inaweza kuhamisha choa, nacho kikikaa kwenye ndevu hufanana na vipele vya kunyoa. Tofauti ni kwamba choa huenea kwa duara lenye magamba, na hakipungui hata mtu akiacha wembe kwa mwezi mzima. Madoa meusi yanayobaki baada ya vipele hufifia polepole, kwa miezi kadhaa. Wasio na subira hukimbilia krimu za kujichubua zinazouzwa kiholela. Nyingi zina dawa kali zinazoifanya ngozi kuwa nyembamba, na ngozi nyembamba haiwezi wembe wala mashine. Uvimbe mgumu unaoendelea kukua baada ya kipele kupona unahitaji daktari wa ngozi.

Nani anafaa kunyoa zote

Wapo ambao kunyoa ndevu zote ndiko kunakowafaa. Mwenye nywele zilizonyooka, ambaye hana vipele baada ya wiki mbili za kunyoa kila siku, hana sababu ya kiafya ya kukwepa kanuni ya mwajiri. Mwenye ndevu chache kila mahali pia hupendeza zaidi akizinyoa, na akipata vipele vichache hupumzika siku za mapumziko ya kazi. Aidha, anayevaa barakoa ya kubana ya kuzuia vumbi au kemikali hana hiari, kwa kuwa hata ndevu za siku mbili huacha upenyo kati ya mpira na ngozi.

Kwa waliobaki, hoja ya mwajiri kwamba wateja hawapendi ndevu imewahi kupimwa mahakamani. Mwaka 1993 mahakama ya rufaa ya Marekani ilisikiliza kesi ya mwanamume mweusi aliyefukuzwa na kampuni ya kuuza na kupeleka piza kwa sababu hakuweza kunyoa kutokana na vipele hivi. Mahakama iliona kwamba amri ya kukataza ndevu kabisa iliwaumiza wanaume weusi kuliko wengine, na kwamba mapendeleo ya wateja hayakutosha kuitetea. Haikuifuta amri yote. Iliitaka kampuni iwape nafasi wale ambao ngozi yao haiwezi wembe, na kampuni ikabaki na haki ya kudai ndevu hizo ziwe fupi na nadhifu.

Hukumu hiyo haina nguvu Mombasa wala popote Afrika Mashariki. Lakini masharti iliyoyaruhusu ndiyo ambayo kijana wa mapokezi anaweza kumpelekea meneja wake kwa maandishi: milimita 1.5, mashine kila siku ya pili, mashavu yamenyolewa, mstari juu ya kikoromeo, na barua ya daktari imeambatishwa.