Majina Yaliyolala Mshazari

Kosa langu la kwanza lilikuwa Handeni. Niliiweka chini ya milima ya Usambara, kwenye ukingo kabisa wa karatasi, nikaiingiza kwenye jedwali pamoja na mahali pake, kana kwamba mji mzima ulibeba mizigo usiku ukahama. Ramani yenyewe ilikuwa ya zama za Mjerumani, ya skeli 1:300,000, yaani kila sentimita moja ni kilomita tatu ardhini. Maandishi niliyoyaona yalikuwa “n. Handeni”, yameinama yakifuata njia iliyokuwa ikitoka nje ya karatasi. Ile “n.” nikaidhania ni kaskazini. Kumbe ni kifupi cha “nach”, ambayo kwa Kijerumani ni “kwenda”. Ramani ilikuwa inaniambia: ukishika njia hii, utafika Handeni. Handeni yenyewe ilikuwa kwenye karatasi nyingine.

Ningeutazama ule mwinamo kabla ya kuzitazama herufi, nisingepotea. Mchora ramani hapindishi maandishi kwa mapambo. Jina la mji au kijiji hulilaza sawa, karibu na kidoti chake, kwa sababu kijiji ni nukta na nukta haina upande. Jina la mto hulipinda lifuate mto. Jina la nchi au safu ya milima hulitawanya herufi moja moja, lienee eneo lote linaloitwa hivyo. Maandishi yaliyoegemea njia husema habari za njia: inakwenda wapi, au ni ya nani. Kwa hiyo kabla hujajua neno linasemaje, mlalo wake umeshakuambia ni jina la kitu cha aina gani. Siku hizi, nikifungua picha ya ramani, safu ya kwanza ninayoijaza ni ya aina ya kitu. Herufi zinafuata.

Karatasi yenyewe sikuwahi kuigusa. Mpwa wangu anasoma Ujerumani, na maktaba moja ya huko ilimruhusu kuipiga picha. Akanipigia simu akiwa na furaha.

“Mjomba, nimekupigia ramani nzima, picha moja tu, imeenea yote.”

“Ahsante mwanangu,” nikamwambia, “lakini itabidi urudi.”

Hesabu yake si ngumu. Picha ya simu yake ina pikseli 4,000 kwa upana. Karatasi ina upana wa kama sentimita 60, yaani milimita 600. Ukigawanya, kila milimita inapata pikseli zisizofika saba. Herufi ndogo za majina ya vijiji kwenye ramani hizi zina urefu wa kama milimita moja, na kwa pikseli saba e, c na o hufanana kama mapacha. Ukiivuta picha kwenye kioo, unachokuza ni ukungu. Nikamwomba apige vipande vyenye upana wa sentimita 15 kila kimoja, simu ikiwa sambamba na meza, na kila kipande kirudie theluthi ya kile cha jirani. Hapo milimita moja inapata pikseli zaidi ya 26, na jina lililokatwa pembeni mwa picha moja hukutwa zima kwenye nyingine. Zilitoka picha 42. Akalalamika, lakini akazileta, na moja iliyoingia mng’ao wa taa aliirudia bila kuambiwa.

Sasa kuhusu kugeuza. Watu wengi huizungusha picha nzima hadi neno walitakalo likae sawa, wakishafanya hivyo mara kumi hawajui tena kaskazini iko wapi. Mimi hukata kipande chembamba chenye jina moja tu, nikakizungusha hicho peke yake, nacho kikabaki na namba ya picha kilikotoka. Jina lililopinda kama upinde halikubali kuzungushwa mara moja: ukiziweka sawa herufi za mwanzo, za mwisho zinaanguka. Hilo ninalisoma kwa mafungu ya herufi tatu tatu, nikigeuza kidogo kila mara. Ukiwa na simu tu, funga kwanza ule mzunguko wa kioo unaojiendesha wenyewe, la sivyo kila ukiinamisha simu picha nayo inajigeuza, na mtabaki mnazungukana kama majogoo.

Programu za kusoma maandishi kwenye picha zinasaidia kwa yale yaliyolala sawa. Kwenye yaliyoinama huleta vipande, au hazileti kitu, kwa sababu nyingi zinatafuta mistari mfano wa ukurasa wa kitabu. Nilizitumia kwa ufunguo wa ramani tu, na hata huko nilipitia neno kwa neno.

Neno lililonichosha kuliko yote lilikuwa na herufi nane, na kila Mtanzania analijua. Kwenye picha ya kumi na saba, karibu na kijiji cha Bumbuli, palikuwa na B kubwa peke yake, imesimama mshazari kidogo. Nikaandika “B. Bumbuli”, nikajisifu kwamba nimegundua kifupi cha “Berg”, yaani mlima. Picha ya jirani ikawa na M ya ukubwa uleule, haina kijiji wala chochote. Nyingine ikatoa A. Hapo ndipo nilipoziunganisha picha sita mezani, nikapitisha kidole kutoka herufi kubwa moja hadi nyingine: U, S, A, M, B, A, R, A. Jina la milima lilikuwa limetandazwa juu ya milima yenyewe, na katikati ya kila herufi yamejazana majina ya vijiji. Kinachozitambulisha ni ukubwa na unene wa herufi. Herufi za jina moja huwa za familia moja hata zikiachana shubiri. Ukiona herufi kubwa yatima, usiitafutie jamaa kwenye neno lililo karibu. Watafute wenye sura yake, hata kama wako mbali.

Mtego mwingine ulikuwa njiani hasa. Ramani za miaka ile zilishonwa kutokana na safari: mtu alipita na dira na saa, akachora alichokiona kushoto na kulia, na mchoraji akaunganisha njia za wengi. Mara nyingine jina la msafiri limeandikwa juu ya njia aliyopita, pamoja na mwaka. Oscar Baumann, kwa mfano, alizunguka Usambara mwaka 1890. Ukikuta jina la namna hiyo limelala juu ya mstari wa njia, na hujui kwamba ni la mtu, utaipa Tanga kijiji kipya. Tarakimu za mwaka ndizo humfichua, maana kijiji hakiandikwi na mwaka wake.

Haya, tuseme neno limekaa sawa na linasomeka. Kazi inayobaki ni kuliandika kama lilivyo, na hapo anayejua Kiswahili ndiye yuko hatarini zaidi, kwa sababu jicho lake linasahihisha bila ruhusa. Mjerumani aliandika Masinde. Sisi tunasema Mazinde. S yake mbele ya irabu hutamkwa z. W yake ni v, ndiyo maana Vuga ni Wuga. J yake ni y, ndiyo maana Bagamoyo ni Bagamojo. Mwanza aliiandika Muansa, na kwenye picha yenye ukungu mkono wangu ungeandika Mnansa, kwa vile u iliyofifia na n iliyofifia hazina tofauti, na neno likiwa kichwa chini hubadilishana kabisa. M na w nazo vivyo hivyo, d na p pia. Kwa lugha zetu, ambazo nusu ya majina huanza kwa m, hilo si jambo dogo.

Kwa hiyo jedwali langu lina safu mbili za majina. Moja ni ya lilivyoandikwa, herufi kwa herufi, na isiyosomeka ninaiwekea doti, doti moja kwa kila herufi. Ya pili ni ya jina ninaloamini ndilo la leo. Kwenye mstari mmoja wameketi Wilhelmstal na Lushoto, kwenye mwingine Hohenfriedeberg na Mlalo, na hakuna kanuni ya matamshi itakayokutoa kwenye la kwanza ikufikishe kwenye la pili. Hayo lazima uyajue. Wala kanuni ya w si msumeno. Kwenye majina ya makabila yanayoanza na “Wa”, ile w ni w yetu ya kawaida, na anayeigeuza v kila aionapo atatuletea Vasambaa.

Ufunguo wa ramani niliuacha mwisho, na lilikuwa kosa. Ungekuwa wa kwanza, ungenifundisha mapema ni mstari gani reli na upi njia ya miguu. Ufunguo umepangwa kwa safu wima mbili, na programu ilisoma kutoka kushoto moja kwa moja hadi kulia, ikaunganisha maelezo ya reli na ya kinamasi kuwa sentensi moja. Ukinakili, andika kwanza mchoro wa alama ulivyo, mathalani “mstari wa vipande, mwembamba”, kisha maneno yake. Reli ilinisaidia hata kukisia umri wa karatasi: treni kutoka Tanga ilifika Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911, na kwenye ramani yangu mstari ulikuwa umeshavuka Mombo.

Mstari wa 143 wa jedwali bado unasema “Mk..si”. Kunjo la karatasi limepita katikati ya neno. Nilikuwa nimeliandika kama kijiji, nikamfuata mzee mmoja wa Mazinde aliyetembea sana upande ule ujanani, nikamwonyesha kwenye kioo mahali lilipo.

“Shikamoo mzee. Hapa zamani palikuwa na kijiji gani?”

“Marahaba. Hapo hapakuwa na kijiji, mwanangu. Hapo pana maji, na kiangazi yanakauka.”

Nikaitazama picha upya. Herufi zilikuwa zimeinama, zinateremka kidogo kidogo kuelekea bondeni, na chini yake, ukikaza macho, palikuwa na mstari mwembamba uliofifia. Nikamuuliza jina la kijito. Alinitajia, lakini halianzi na M. Nikaliandika kwenye safu ya pili, nikaweka “kwa kusimuliwa” mbele yake, nikabadilisha aina kutoka kijiji kuwa mto. Doti mbili nikaziacha palepale.