Bilioni za Mizania Ziko Wapi?

Katika mkutano mkuu mmoja wa wanahisa, mzee aliyekaa mbele yangu alifungua kitabu cha hesabu, akaweka kidole kwenye mstari wa "faida iliyolimbikizwa" na kuuliza kipaza sauti kilipomfikia: "Bilioni zote hizi mnazo, mbona gawio letu ni la kununulia sukari?" Watu walicheka, na mkurugenzi akajibu kwa maneno mengi yasiyojibu kitu.

Swali lake ni la haki, lakini jibu lake haliko kwenye ukurasa aliokuwa ameufungua. Sehemu ya mizania iitwayo mtaji wa wanahisa haionyeshi fedha zilizopo. Inaonyesha mali ya kampuni, baada ya kuondoa madeni, ni ya wenye kampuni kwa njia zipi. Fedha zenyewe zimekwisha kugeuka mikopo, majengo, mashine na bidhaa, nazo zinasomwa upande wa mali.

Tuchukue benki ya CRDB. Mwaka 2015 iliwapa wanahisa wake haki ya kununua hisa moja mpya kwa kila tano walizokuwa nazo, kwa bei ya shilingi 350. Hisa hiyo, kwa mujibu wa katiba ya kampuni, ilikuwa na thamani ya shilingi 25 tu. Basi kila shilingi 350 iliyoingia iligawanywa vitabuni: 25 zikaandikwa mtaji wa hisa, na 325 zikaandikwa kwenye mstari wa pili, ziada ya bei ya hisa. Hisa mpya zilikuwa milioni 435 na ushei, kwa hiyo mtaji wa hisa uliongezeka kwa takriban bilioni 10.9 huku ziada ikipata kama bilioni 141, kabla ya kutoa gharama za kuuza hisa hizo. Anayesoma mstari wa kwanza peke yake atadhani wanahisa walichanga kidogo sana.

Ile 25 haina uhusiano na bei ya sokoni. Hisa ikipanda au ikishuka pale Soko la Hisa la Dar es Salaam, mistari hii miwili haitikisiki, kwa sababu mnunuzi anamlipa muuzaji, wala si kampuni. Serikali ya Kenya ilipouza hisa bilioni 10 za Safaricom mwaka 2008, kwa shilingi 5 kila moja kwa wanunuzi wa ndani, mabilioni yale yalikwenda Hazina. Mtaji wa Safaricom haukuongezeka hata senti, maana hisa zilizouzwa zilikuwa za zamani.

Mistari hiyo miwili ni ya walichotoa wanahisa. Faida iliyolimbikizwa ni ya kile ambacho kampuni imekichuma ikakibakiza: unaanza na salio la mwaka jana, unaongeza faida baada ya kodi, unatoa gawio. Tuseme salio lilikuwa milioni 300, faida ya mwaka 120, gawio 50. Linabaki 370. Lakini kama milioni 340 kati ya hizo zimenunua malori, mzee wangu hawezi kulipwa gawio kwa tairi. Ili kujua kama gawio linalipika, afungue taarifa ya mtiririko wa fedha.

Akiba ndizo zinazochanganya zaidi, na jina lenyewe lina lawama. Tukisikia akiba tunawaza kibubu. Tuseme jengo lililoandikwa kwa milioni 800 limethaminiwa upya likaonekana kuwa la bilioni 1. Kodi tukiiweka kando, milioni 200 za ongezeko zinaingia kwenye akiba ya uthamini. Hakuna aliyelipa chochote, na kwa kawaida ongezeko hilo halipiti kwenye faida ya mwaka wala haligawiwi kama gawio. Akiba nyingine ni faida iliyohamishwa tu kutoka mstari wa jirani, kama benki inapotakiwa na msimamizi wake kutenga kiasi kwa ajili ya mikopo mibaya. Jumla haibadiliki, kilichobadilika ni ruhusa ya kukigawa.

Ndiyo maana mimi husoma mistari hii pamoja, tena kwa miaka mitatu au minne mfululizo. Mtaji ukikua kwa sababu ya uthamini wa majengo huku faida iliyolimbikizwa ikidumaa, biashara yenyewe haijachuma. Na mstari huo wa faida unaweza kugeuka hasara iliyolimbikizwa, ikala akiba, ikala ziada, ikala mtaji wa hisa. Kenya Airways ilipata hasara ya shilingi bilioni 25.7 katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2015, na jumla ya mtaji wake ikawa chini ya sifuri: madeni yalizidi mali zote. Mistari ya mtaji wa hisa na ziada ilikuwa bado imeandikwa pale juu, na tarakimu zake zote.