Gari Limetengenezwa, Lakini Nani Alishika Spana?

Sentensi mbili za Kiingereza zina maneno matano yaleyale: "He had repaired his car" na "He had his car repaired." Kilichohama ni neno moja tu. Katika ya kwanza, mwenye gari alilala chini ya injini mwenyewe, spana mkononi. Katika ya pili alilipeleka gereji, akalipia, akaondoka na mikono safi. Watunga mitihani wanaipenda mno tofauti hiyo, hasa kwenye maswali ya kugeuza sentensi bila kubadilisha maana.

Mahali pazuri pa kuiona ni mtihani wa Cambridge B2 First, ambao wengi bado wanauita FCE. Sehemu ya nne ya karatasi yake ya kusoma na matumizi ya lugha ina maswali 6 ya aina hiyo. Mtahiniwa hupewa sentensi kamili, neno moja lisiloruhusiwa kubadilishwa hata herufi, kisha sentensi ya pili yenye pengo. Pengo hujazwa kwa maneno 2 hadi 5, neno lililotolewa likiwemo.

Tuseme sentensi ni "A mechanic is going to repair Juma's car tomorrow." Neno ni HAVE, na sentensi ya pili inaanza "Juma is going to", halafu pengo, halafu "tomorrow". Jambo la kwanza la kutazama ni nani amekaa mwanzoni. Fundi ameondolewa, na nafasi yake kapewa mwenye gari, ambaye hatagusa hata nati. Hiyo ndiyo ishara kwamba kinachotakiwa ni muundo wa kumfanyisha mtu kazi. Baada ya "have" kinakuja kitu kinachofanyiwa kazi, yaani "his car", na mwisho kitenzi katika umbo lake la tatu: "have his car repaired". Maneno manne, fundi hatajwi tena.

Jibu la kukosa linalojitokeza haraka ni "have repaired his car". Nalo lina maneno manne, tena kisarufi halina kasoro, na ndiyo maana ni vigumu kulishtukia. Ila linasema Juma atakuwa ameshalitengeneza mwenyewe. Kila swali lina alama 2, na jibu hupimwa kwa vipande viwili, hivyo mtahiniwa anaweza kuambulia 1 kwa kipande kilicho sahihi.

Mzungumzaji wa Kiswahili ana sababu yake ya kuteleza hapa. Mtaani mtu husema "nimetengeneza gari" hata kama kazi yote imefanywa na fundi, na hakuna anayemwelewa vibaya. Tunaweza kusema tumeshonesha nguo, lakini anayesema ameshona suti kwa ajili ya harusi haulizwi cherehani yake iko wapi. Kwenye mtihani wa Kiingereza ulegevu huo haupo. "I cut my hair" husomwa kwamba mtu alisimama mbele ya kioo na mkasi wake.

Mtego mwingine ni wakati wa kitenzi. "A tailor has just made Neema a dress" ikipewa neno HAD, na sentensi ya pili ikaanza "Neema has just", jibu ni "had a dress made". Wapo wanaoogopa kuona "has" na "had" zikifuatana karibu hivyo. Hakuna kosa: ya kwanza inabeba wakati, ya pili ndiyo kitenzi chenyewe cha kufanyisha.

"Get" hukaa mahali palepale, kwa lugha ya mazungumzo zaidi: "get his car repaired" ni sawa kabisa. Njia zinaachana pale fundi anapotajwa. Kwa "have" ni "have the mechanic repair the brakes", bila "to". Kwa "get", "to" haikwepeki: "get the mechanic to repair the brakes". Kwa hiyo "I'll ask the mechanic to repair the brakes" ikipewa neno GET, pengo baada ya "I'll" na kabla ya "the brakes" linajazwa na "get the mechanic to repair", maneno matano kamili.

Kuna pia swali ambalo halina fundi wala malipo. "Somebody stole Asha's phone" hugeuka "Asha had her phone stolen". Asha hakumtuma mwizi. Muundo uleule hubeba mkosi uliomfika mtu, na anayeujua kwa maana ya kuagiza kazi tu hulitazama swali hilo bila kujua aanzie wapi.

Kabla ya kuacha swali la namna hii, soma sentensi zote mbili na ujiulize nani amefanya kazi katika kila moja. Wakiwa watu wawili tofauti, futa jibu na uanze upya.