Gusa Hapa Ulipe

Bango lililoandikwa "Gusa hapa kuchangia" halina betri, halina laini ya simu, na ndani yake hamna hata senti moja. Nyuma ya mchoro wa mkono ulioshika simu kuna stika ya duara, upana wake kama milimita 25. Ukiibandua na kuimulika utaona waya mwembamba uliozungushwa mara kadhaa kufuata ukingo, na mahali fulani katika huo mzunguko kidoa cheusi kidogo kuliko punje ya mchele. Kidoa hicho ndicho chipu. Kazi yake ni moja: kuipa simu anwani ya tovuti. Mambo mengine yote, kuanzia kiasi cha fedha hadi risiti, yanafanyika kwingine.

Inafaa kulisema hili mapema kwa sababu watu wengi wameshazoea kugusisha kadi ya benki kwenye mashine ya dukani, na wanadhani hapa ni mambo yaleyale. Dukani, mashine ndiyo inayosoma, na kadi yako, au simu iliyojifanya kadi, ndiyo inayosomwa. Kwenye bango mambo yamegeuka: simu yako ndiyo msomaji. Stika haijui wewe ni nani, haichukui kitu kwako, na wala haina uwezo wa kukata pesa.

Simu yenye NFC hutoa uga mdogo wa sumaku unaotetema kwa megahezi 13.56. Waya wa stika ukiingia ndani ya uga huo, umeme kidogo huzalishwa na chipu huamka, husema ilichobeba, kisha hulala tena simu inapoondoka. Umbali ni wa sentimita chache tu. Kwenye iPhone, sehemu ya kugusisha iko ukingo wa juu; kwenye simu nyingi za Android iko mgongoni, mahali panapotofautiana kati ya toleo na toleo. Ndiyo maana utamwona mtu akisugua simu bangoni juu chini kama anayepiga pasi, ilhali angeituliza kwa sekunde moja ingesoma.

Tuchukue mfano wa kamati ya kanisa nchini Kenya inayochangisha fedha za kuchimba kisima. Wamenunua stika zenye chipu iitwayo NTAG213, aina inayopatikana kwa urahisi, yenye nafasi ya baiti 144 kwa ajili ya ujumbe. Nafasi hiyo ni ndogo, haitoshi hata picha ya nembo, lakini kwa anwani inazidi. Tuseme anwani yao ni `https://lipa.example/k7`. Kijana wa kamati anafungua programu ya NFC Tools kwenye simu, anachagua `Write`, kisha `Add a record`, anaandika anwani, anagusisha stika, basi. Kilichoandikwa ndani ya chipu ni hiki:

```
03 14 D1 01 10 55 04
6C 69 70 61 2E 65 78 61 6D 70 6C 65 2F 6B 37
FE
```

Mstari wa kati ni herufi za `lipa.example/k7`, moja baada ya nyingine. Kwenye mstari wa kwanza, `55` inaiambia simu kwamba kinachofuata ni anwani, na `04` inasimama badala ya `https://` ili kuokoa nafasi. Jumla ni baiti 23. Hakuna jina la kanisa humo, hakuna kiasi, hakuna namba ya akaunti. Hiyo `k7` mwishoni ni alama ya bango lenyewe: bango la langoni ni k7, la ukumbini ni k8, na mweka hazina ataweza kujua lipi linaleta watu na lipi linapamba ukuta tu.

Simu ikishasoma, Android huwa inafungua anwani moja kwa moja, mradi kioo kiwe kimewaka na simu imefunguliwa. iPhone kuanzia XS na XR za mwaka 2018 husoma bila programu yoyote ya ziada, ila haifungui ukurasa yenyewe. Inaonyesha taarifa juu ya kioo, nawe unaigusa. Wengi hawaioni taarifa ile, wanaondoka wakisema bango ni bovu. Mstari mmoja wa maelezo chini ya mchoro ungewaokoa.

Sasa ukurasa umefunguka. Una sehemu ya kuandika kiasi, sehemu ya namba ya simu, na kitufe cha kuchangia. Mchangiaji anaandika shilingi 200, anaweka namba yake, anabonyeza. Seva ya kanisa inapeleka ombi kwa Safaricom kupitia huduma yao iitwayo Daraja, na baada ya muda mfupi kisanduku cha M-Pesa kinajitokeza kwenye simu ya mchangiaji, kikitaja kiasi na jina la anayelipwa na kuomba PIN. Hapa ndipo penye malipo, na hapa ndipo pa kutulia na kusoma. PIN inaandikwa kwenye kisanduku kile tu. Ukurasa wowote wa tovuti unaokuomba uandike PIN ya M-Pesa ni wa mwizi, hata kama nembo zake zinapendeza vipi.

Anayetengeneza ukurasa wa namna hii ana mitego miwili ya kuangalia. Wa kwanza ni kuharakisha mambo: kutuma ombi la malipo mara tu ukurasa unapofunguka. Simu iliyoachwa karibu na stika inaweza kuisoma tena na tena, na kila usomaji ungezaa ombi jipya. Kufungua ukurasa kusianzishe chochote. Ombi litoke baada ya mtu kubonyeza kitufe, na seva ikatae ombi la pili kwa namba hiyohiyo wakati la kwanza bado linasubiri. Mtandao ukiwa mzito, watu hubonyeza mara tatu kwa hasira.

Wa pili ndio unaowatoa wahasibu jasho. Seva ikipeleka ombi, Daraja hujibu papo hapo kwa `ResponseCode` yenye thamani `0`. Jibu hilo lina maana kwamba ombi limepokelewa, si kwamba pesa zimelipwa. Matokeo yenyewe huja baadaye katika ujumbe mwingine, ndani ya `ResultCode`. Humo `0` ndiyo malipo yaliyokamilika, `1032` ni mtu aliyeghairi, na `1037` ni simu ambayo haikupatikana au haikujibu kwa wakati. Ukurasa unaotoa "Asante kwa mchango wako" kwa jibu la kwanza utawashukuru hata walioghairi, na jioni daftari la kanisa halitalingana na taarifa ya M-Pesa.

Kwa bango la mchango, kiasi huchaguliwa na mtoaji. Bidhaa ni habari nyingine. Mfugaji nyuki akibandika stika kwenye chupa ili mnunuzi aagize nyingine, asiandike bei ndani ya anwani, kwa mfano `?bei=900`, kisha seva yake ikaikubali ilivyo. Yeyote anaweza kuifuta 900 na kuweka 9. Anwani itaje bidhaa, na bei itoke kwenye orodha iliyoko kwenye seva.

Turudi kwenye kamati yetu. Stika ilijaribiwa mezani, ikafanya kazi kwa simu zote. Bango likapelekwa kuning'inizwa kwenye lango, ambalo ni la chuma, na kuanzia hapo kukawa kimya kabisa. Hii ndiyo hitilafu ya kawaida kuliko zote. Uga wa simu ukifika kwenye chuma huzalisha mikondo ya umeme ndani yake, na mikondo hiyo huuua uga uliotakiwa kuiamsha chipu. Kuitambua ni rahisi: vuta bango mbali na lango kwa upana wa vidole vitatu, gusisha tena, ikisoma, adui ni chuma. Dawa ni stika maalumu ya kubandika juu ya chuma, ambayo mgongoni ina tabaka jeusi la feraiti, au kipande kinene cha mbao kati ya bango na lango. Mfuniko wa bati wa chupa ya asali na mfuko wa kahawa wenye ngozi ya alumini ndani hufanya vilevile. Wakati mwingine kikwazo kiko upande wa mtu mwenyewe: kadi ya benki iliyofichwa nyuma ya kava la simu huchanganya usomaji.

Na kuna wezi. Stika ambayo haijafungwa inaweza kuandikwa upya na mpita njia yeyote mwenye simu na programu ileile ya NFC Tools. Kwa hiyo kijana wa kamati, baada ya kujaribu na kuridhika, anachagua `Lock tag`, na kuanzia hapo hata yeye mwenyewe hawezi kubadilisha herufi moja. Kufuli hiyo haizuii mtu kubandika stika yake juu ya ile ya kanisa. Stika mbili zikilaliana kwa kawaida husumbuana, hivyo bango lililokuwa likisoma vizuri likianza kusitasita, mtu apitishe kucha ukingoni aone kama kuna uvimbe mpya. Dawa bora ni kuificha stika nyuma ya karatasi iliyopitishwa plastiki, na kuichapa anwani bangoni kwa herufi kubwa, ili anayegusa alinganishe na inayoonekana juu ya kivinjari. Zipo chipu ghali zaidi, kama NTAG 424 DNA, ambazo kila zikiguswa hutoa anwani yenye msimbo mpya unaothibitishwa na seva. Hizo zinafaa dawa au manukato yanayoghushiwa. Kwa mchango wa kisima, naona ni gharama isiyo na kazi.

Simu nyingi za bei ya chini hazina NFC kabisa, na mwenye simu ya vitufe hana hata kivinjari cha maana. Kwa hiyo kando ya stika kuwe na msimbo wa QR wa anwani hiyohiyo, na chini yake namba ya kulipia iliyoandikwa wazi. Anayeandika bango bila namba hiyo anawafukuza wachangiaji wake wazee, ambao mara nyingi ndio watoaji wakubwa.

Kumbuka pia kwamba stika iliyofungwa itaendelea kusema anwani ileile kwa miaka. Ndiyo sababu ni vizuri anwani iwe kwenye jina la tovuti linalomilikiwa na kamati, si la kampuni ya malipo: siku wakihamia kampuni nyingine, wanabadilisha mwelekeo kwenye seva na stika zinabaki zilivyo. Lakini jina la tovuti hulipiwa kila mwaka. Kisima kikishachimbwa na kamati ikavunjwa, jina likaachwa life, mtu mwingine anaweza kulisajili na kuweka ukurasa wake wa malipo, na kila bango lililosahaulika ukutani litampelekea watu. Mabango yanaweza kubanduliwa kwa asubuhi moja. Chupa za asali zilizokwisha kuuzwa hazirudi, hivyo mfugaji nyuki atalazimika kuendelea kulipia jina lile muda mrefu baada ya kuacha kuuza, na kuuacha ukurasa uandike tu kwamba duka limefungwa.