Mashimo meusi ya kale na satelaiti iliyorushwa Malindi

Shimo jeusi tulilozoea kulisikia huzaliwa nyota kubwa inapokufa. Lakini mwaka 1971 Stephen Hawking alieleza kwamba mengine, madogo sana, yangeweza kutokea mwanzoni mwa ulimwengu, kabla ya nyota yoyote, pale maada ilipobanana kupita kiasi.

Mwaka 1974 akaongeza kwamba shimo jeusi huvuja nishati, na kadiri lilivyo dogo ndivyo linavyovuja kwa kasi. Lenye tani zipatazo milioni 500, yaani uzito wa mlima katika ukubwa wa protoni, lingekuwa linaisha zama zetu hizi, likitoa mionzi ya gama.

Mionzi ya namna hiyo ilipimwa na satelaiti SAS-2, iliyorushwa Novemba 1972 kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, Kenya. Ilikuta mwanga hafifu wa gama ukitoka pande zote za anga. Kwa vipimo vya aina hiyo, mwaka 1976 Don Page na Hawking walijenga hoja hii: hata mwanga wote ukihesabiwa kuwa wa mashimo hayo, idadi yake haiwezi kupita ukomo fulani, maana anga ingeng'aa zaidi ya ilivyoonekana.

Kwa kuwa vyanzo vingine navyo hutoa gama, hoja hiyo haithibitishi kwamba yapo. Alama yake hasa ingekuwa mlipuko mfupi wa gama shimo linapoisha, na huo bado haujaonekana.