Nguvu tano za soko: Sukari ya Tana yafunza namna ya kufunga insha kwa uamuzi wenye hoja

MASWALI ya aina hii huwasubiri wanafunzi wa usimamizi wa biashara katika chumba cha mtihani: Tathmini iwapo sekta ya sukari inamvutia mwekezaji anayetaka kujenga kiwanda kipya katika Delta ya Tana.

Wengi huanza vyema. Huzitaja nguvu tano za soko, huzieleza moja baada ya nyingine, kisha hufika mwisho na kuandika kwamba sekta hiyo ina faida na hasara zake, hivyo mwekezaji awe makini. Sentensi hiyo haimfai mtahini wala mwekezaji. Swali liliomba uamuzi, na uamuzi haukutolewa.

Makala haya yanaufuata mfano huo wa Tana hadi mwisho wake, kwa sababu si mfano wa kubuni. Mwongo wa kwanza wa karne hii, kampuni ya sukari ya Mumias ilishirikiana na mamlaka ya ustawi wa mito Tana na Athi, Tarda, kupanga mradi wa miwa na kiwanda cha sukari katika delta hiyo, karibu na Garsen. Ardhi iliyokusudiwa ilikuwa takriban hekta 20,000. Mwaka 2008 mamlaka ya mazingira, Nema, iliuidhinisha mradi huo licha ya upinzani mkali. Hata hivyo, kiwanda hicho hakikujengwa.

Muundo wa nguvu tano ulielezwa mwaka 1979 na Michael Porter wa Chuo Kikuu cha Harvard. Hoja yake ni kwamba faida ya kampuni haitokani na bidii ya wasimamizi wake pekee. Wapo watu wengine watano wanaoweza kuimega: washindani waliomo sokoni, wageni wanaoweza kuingia, wauzaji wa bidhaa mbadala, wanaoiuzia kampuni malighafi, na wanunuzi wake. Kwa kila mmoja, mwanafunzi ajiulize jambo moja tu: Huyu ana uwezo gani wa kuichukua faida kabla haijamfikia mwenye kiwanda?

Tuanze na bidhaa mbadala, kwa kuwa hapa ndipo kosa la kwanza hutokea. Wanafunzi wengi huiweka sukari kutoka nje ya nchi katika fungu hili. Hapo si mahali pake. Sukari ya Misri au ya Malawi ni sukari ile ile, na anayeiuza ni mshindani. Mbadala ni kitu tofauti kinachokidhi haja ile ile, kama vile asali au sukari guru. Katika chai ya Mkenya, vitu hivyo haviitishii sukari kwa kiasi kikubwa. Nguvu hii ni dhaifu.

Wanunuzi wana nguvu ya wastani. Anayenunua kilo moja dukani Garsen hawezi kushusha bei, lakini kiwanda hakimuuzii yeye. Huwauzia wasambazaji wachache wanaonunua kwa wingi, na kwa kuwa sukari ya kiwanda kimoja haitofautiani sana na ya kingine, msambazaji huhama bila gharama yoyote.

Vizuizi vya kuingia ni vikubwa. Kiwanda cha sukari hugharimu mabilioni ya pesa, na huhitaji takriban tani 10 za miwa au zaidi ili kupata tani moja ya sukari. Kosa la pili hujitokeza hapa. Mwanafunzi huandika kwamba kwa vile vizuizi ni vikubwa, sekta inavutia. Hilo ni kweli kwa aliyekwisha kuingia, kwa sababu ukuta humkinga. Kwa aliye nje, ukuta huo huo ndio gharama yake ya kwanza. Ni lazima usome swali linamzungumzia nani.

Zimebaki nguvu mbili, na hizi ndizo zinazoamua.

Ya kwanza ni ushindani. Kenya hutumia sukari nyingi kuliko inayozalisha, na kwa mtazamo wa haraka pengo hilo huonekana kama neema. Lakini pengo hujazwa na sukari ya nje, na viwanda vya baadhi ya nchi wanachama wa Comesa huizalisha kwa gharama ya chini kuliko vya Kenya. Kwa zaidi ya miaka 20 Kenya iliruhusiwa kuweka kikomo cha sukari iliyoingia bila ushuru kutoka nchi hizo. Kinga hiyo, iliyoongezwa muda mara kwa mara, ilifikia mwisho wake Novemba 2025.

Jiografia nayo ina neno lake. Kiwanda kilichoko Kakamega kina kinga ya umbali, maana sukari inayoshushwa katika bandari ya Mombasa ni lazima ilipiwe nauli ya mamia ya kilomita kabla ya kukifikia. Garsen iko Pwani, juu ya barabara ya Malindi kuelekea Lamu. Ni kweli kwamba kiwanda cha Tana kingewafikia wateja wa Pwani kwa nauli ndogo kuliko viwanda vya magharibi, lakini sukari ya meli ingewafikia wateja hao hao kwa nauli ndogo vilevile. Faida ya ukaribu ingekuwa na wenyewe wawili.

Nguvu ya mwisho ni ya wanaotoa malighafi. Kwa kawaida mkulima wa miwa ni mnyonge mbele ya kiwanda. Muwa ukishakatwa huanza kupoteza utamu wake, na unapaswa kusagwa katika muda wa siku moja au mbili. Ni mzito, hivyo hauwezi kusafirishwa mbali. Pakiwa na kiwanda kimoja tu, mkulima hana pengine pa kwenda. Mizani hugeuka pale viwanda vinapokaribiana na miwa kuwa haba. Magharibi mwa Kenya viwanda vimegombania miwa kwa miaka mingi, na mwaka 2023 serikali ililazimika kusimamisha usagaji kwa miezi kadhaa kwa sababu miwa iliyokuwa ikivunwa ilikuwa haijakomaa.

Mwanafunzi anayekariri angeishia hapo. Angesema kwamba kwa kuwa delta haina kiwanda kingine jirani, wakulima wangekuwa wanyonge na nguvu hii ni dhaifu. Lakini katika Delta ya Tana malighafi iliyo adimu si muwa. Ni ardhi na maji.

Ardhi hiyo si tupu. Wapokomo hulima kandokando ya mto na kungoja maji ya mafuriko yarutubishe mashamba. Waorma na Wawardei huleta mifugo yao deltani wakati wa kiangazi, malisho ya bara yanapokauka. Hekta 20,000 za miwa zingekuwa katikati ya maisha hayo. Kati ya Agosti 2012 na mwanzoni mwa 2013, mapigano baina ya jamii za delta yaliua zaidi ya watu 100. Hayakusababishwa na mradi wa sukari, lakini yalionyesha uzito wa suala la ardhi, malisho na maji katika eneo hilo.

Sheria nayo ilibadilika. Mwaka 2012 delta iliorodheshwa chini ya mkataba wa Ramsar kuwa ardhi oevu yenye umuhimu wa kimataifa. Februari 2013 Mahakama Kuu ikaamua kwamba mipango ya matumizi ya ardhi ya delta iandaliwe kwa kuwashirikisha wakazi. Kwa lugha ya Porter, mtoaji wa malighafi muhimu alipata nguvu, na nguvu hiyo haikuwa katika bei. Ilikuwa katika uwezo wa kusema hapana.

Mto wenyewe pia hauna mkataba na mtu. Mradi wa mpunga wa Tarda uliokuwa deltani uliharibiwa na mafuriko ya El Nino ya mwaka 1997, na miundombinu yake ya umwagiliaji ikavurugika kwa miaka.

Sasa tumefika mwisho wa insha. Mwanafunzi ana mbadala dhaifu, wanunuzi wa wastani, vizuizi vikubwa, ushindani mkali na watoa malighafi wenye nguvu. Kosa la tatu, na ndilo kubwa, ni kuzihesabu nguvu hizi kama kura. Nguvu hupimwa kwa uzito. Moja ikitosha kuzuia kiwanda kisiwahi kusaga muwa hata mmoja, udhaifu wa nyingine haukiokoi.

Hitimisho linaweza kuandikwa hivi:

"Kwa mwekezaji mpya, sekta ya sukari katika Delta ya Tana haivutii kwa sasa. Ni kweli kwamba mbadala ni dhaifu na kwamba Kenya haijitoshelezi kwa sukari, lakini pengo hilo hujazwa na sukari nafuu ya nje, ambayo tangu Novemba 2025 haizuiwi tena na kikomo cha Comesa. Nguvu nzito zaidi ni ya wenye ardhi na maji, kwa sababu kiwanda kisicho na mashamba ya hakika hakiwezi kurudisha gharama yake hata bei ikiwa nzuri. Uamuzi huu ungebadilika iwapo wakazi wangekubali kwa hiari kuitoa ardhi kwa masharti yanayolinda malisho na mashamba yao, na iwapo gharama ya kuzalisha tani moja ingeshuka chini ya ile ya sukari inayofika Mombasa. Sharti la kwanza likikosekana, la pili halina kazi."

Tazama kinachofanyika humo. Sentensi ya kwanza inalijibu swali. Ya pili inaikubali hoja kubwa ya upande wa pili na kueleza kwa nini haitoshi. Ya tatu inataja nguvu iliyo nzito kuliko zote na sababu ya uzito wake. Ya nne inataja masharti ambayo yakitimia uamuzi utageuka, na ya mwisho inayapanga masharti hayo kwa uzito. Hakuna hoja mpya iliyoingizwa, maana kila kinachosemwa kilikwisha kuthibitishwa katika mwili wa insha.

Neno "inategemea" halikatazwi, ila lisiachwe peke yake. Anayesema inategemea aseme inategemea nini, na jibu lingekuwaje kila upande. Vilevile aseme ni wakati gani. Insha iliyoandikwa mwaka 2008, kinga ya Comesa ikiwa bado ipo, ingeweza kuuona ushindani kuwa mwepesi kuliko ulivyo leo, na isiwe na kosa. Hata hivyo, kinga haikuwa dawa ya yote. Mumias yenyewe, ikiwa chini ya kinga hiyo, ilielemewa na madeni na mwaka 2019 ikawekwa chini ya mrasimu.

Mwisho, mtahiniwa anayetaka alama za juu autaje mpaka wa chombo anachotumia. Nguvu tano hupima kama mwekezaji atapata faida. Hazipimi hasara ya mfugaji anayepoteza malisho ya kiangazi, wala ya mvuvi ambaye samaki wake hutegemea mafuriko. Swali likiuliza iwapo mradi ungewafaa watu wa Garsen, hilo ni swali jingine, na uamuzi wake huhitaji ushahidi mwingine.